"GPA 3.8 ni sawa na asilimia 76": dhana potofu kuhusu shahada ya nje kwenye barua pepe ya maombi

Kila msimu wa maombi napitia rasimu za barua pepe za watu wanaopeleka shahada ya nchi moja kwa msomaji wa nchi nyingine. Sentensi hii nimeisoma mara nyingi hadi naiona usingizini: "GPA yangu ni 3.8 kati ya 5, yaani asilimia 76." Wiki hii imekuja tena, kwenye maombi ya uzamili Uingereza. Naomba tuimalize leo.

Dhana: Gawanya GPA yako kwa namba ya juu ya skeli, utapata matokeo yako kwa kipimo cha wenzetu

Hesabu haina kosa. 3.8 ukigawa kwa 5 ni 0.76, hata kikokotoo cha simu kitakwambia. Kosa ni kudhani GPA ni asilimia iliyovaa nguo nyingine.

Chukua shahada ya kwanza ya Tanzania. GPA yake haitokani na alama zako moja kwa moja, inatokana na herufi: A hubeba pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2. Kwenye chuo ambacho A huanzia alama 70 na B+ huanzia 60, mwenye GPA ya 3.8 kwa kawaida ni mtu ambaye masomo yake mengi yaliangukia kwenye sitini na kitu, huku na huko akichomoza na A, akiteleza na B. Hiyo 76 haikuwahi kuwa wastani wake. Ameizaa mwenyewe kwenye barua pepe.

Sasa iangalie namba hiyo kwa macho ya msomaji wa Uingereza. Kwake daraja la kwanza huanzia 70. Akiona 76 anasoma "daraja la kwanza, tena zuri". Anafungua kiambatisho, anakuta transkripti inasema daraja la pili la juu, lile linaloanzia GPA ya 3.5 na kuishia 4.3. Hatakaa kuchunguza umekosea wapi. Ataona mtu aliyejipandisha daraja, na kuanzia hapo kila sentensi yako ataisoma kwa jicho la pembeni. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kozi nyingi za uzamili kule huomba daraja la pili la juu. Mteja wangu alikuwa na kilichotakiwa, akakifunika kwa kitu asichokuwa nacho.

Kosa hili lina pacha wake anayetembea kinyume. Ujerumani alama bora ni 1.0 na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0. Mtu amehitimu huko kwa 1.7, matokeo ya kujivunia, kisha anaomba kazi kwenye nchi ambayo 2.0 ndiyo sakafu ya kufaulu, na anaandika "GPA 1.7" bila neno jingine. Afisa ajira akikuweka kando, utamlaumu kwa lipi?

Dawa ni ileile kwa wote wawili: toa namba yako kama ilivyo, kisha mwonyeshe msomaji dari, sakafu na mahali uliposimama. Kwa yule wa 3.8 tuliandika hivi:

"Nina Shahada ya Sayansi katika Takwimu kutoka Tanzania, ya miaka 3 na krediti 360. GPA yangu ni 3.8, kwenye skeli ambayo 5.0 ndiyo ya juu na 2.0 ndiyo ya chini ya kufaulu. Hili ni daraja la pili la juu (3.5 hadi 4.3). Ufafanuzi wa skeli uko kwenye transkripti niliyoambatisha."

Sentensi nne. Hakuna neno "sawa na" hata moja, na msomaji hahitaji kukisia chochote. Kama ufafanuzi wa skeli umechapwa nyuma ya transkripti, skani na upande huo wa nyuma. Watu wanausahau kila siku, na ndio unaobeba maelezo yote.

"Lakini Wajerumani wana fomula yao!" Kweli wanayo, na vyuo vingi huko huitumia kugeuza matokeo ya nje:

```
daraja = 1 + 3 × (juu − yako) / (juu − ya kufaulu)
```

Kwa GPA ya 3.8 ni 1 + 3 × 1.2 / 3, jibu 2.2. Mwombaji mmoja alinionyesha jibu la 1.7 kwa GPA hiyohiyo, akishangilia. Alikuwa ameweka 0 mahali pa alama ya chini ya kufaulu, ambayo ni 2.0, kwa hiyo akagawa kwa 5 badala ya 3. Kosa dogo tu limempandisha kwa nusu daraja. Kwa hiyo itumie fomula nyumbani kujua kama unakaribia kigezo. Kwenye barua pepe waachie wao wapige, ila hakikisha umewapa namba tatu wanazozihitaji.

Dhana: Krediti 360 ni nyingi kuliko 180

Hapana. Krediti moja ya Tanzania au Uingereza ni kama saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ilhali moja ya mfumo wa Ulaya wa ECTS ni saa 25 hadi 30. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 120 kwa mfumo wa kwanza na 60 kwa wa pili. Taja krediti pamoja na miaka, basi.

Dhana: Jina la shahada litafsiriwe ili lieleweke

Liandike kama lilivyo kwenye cheti, kisha eleza ngazi yake. Nimewahi kuona "licence" ya Kifaransa ikigeuzwa kuwa "leseni", wakati ni shahada ya kwanza ya miaka 3. Nimeona pia "baccalauréat" ya Ufaransa ikiitwa shahada ya kwanza kwa sababu ya sauti tu. Hicho ni cheti cha kumaliza sekondari.

Dhana: Nikiandika "inalingana na shahada ya hapa", yatosha

Maneno hayo yana uzito yakitoka kwa chombo chenye mamlaka: TCU kwa Tanzania, SAQA kwa Afrika Kusini, UK ENIC kwa Uingereza. Ukiwa na barua yao, taja namba yake na tarehe, iambatishe. Huna bado? Andika kwamba umeomba tathmini na lini uliomba, usijipe cheo. Na uisome barua kabla ya kuinukuu: ikisema shahada yako iko ngazi ya shahada ya kwanza, imezungumzia ngazi. Haijasema 3.8 yako ni daraja gani huko.

Dhana: Shahada ikitambuliwa, naruhusiwa kufanya kazi

Kwa mtakwimu, aghalabu ndiyo. Kwa daktari, mfamasia, muuguzi au wakili, utambuzi wa shahada na usajili wa kitaaluma ni milango miwili yenye funguo tofauti, na mwajiri wa taaluma hizo hutazama wa pili kwanza. Mpe mstari wake peke yake, hata kama jibu halipendezi: "Usajili wa bodi: bado, maombi yamepelekwa", ikifuatiwa na tarehe.