Maneno 1,500 yalitoka wapi? Dhana potofu kuhusu urefu wa makala

Dhana: Google inapenda makala yenye maneno 1,500 na kuendelea

Haina idadi inayoipenda. Mwongozo wake kwa waandishi unauliza kama unalenga idadi fulani ya maneno kwa kuwa umesikia Google inaipendelea, na hapohapo unajibu kwamba haina idadi hiyo. Namba za aina hii huenezwa na tafiti kama ule wa mwaka 2020 wa Backlinko, tovuti inayoandika kuhusu utafutaji wa mtandaoni, uliopitia matokeo ya utafutaji milioni 11.8 na kukuta kurasa zinazotokea kwenye ukurasa wa kwanza wa Google zina wastani wa maneno 1,447. Watu waliishika namba wakaacha jambo jingine lililoonekana humohumo: urefu ulikuwa karibu sawa kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya kumi. Aliyeongoza hakuwashinda wenzake kwa urefu.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu nyingine ya kuitilia shaka. "Hawatakuelewa" ni neno moja kwetu. Mwingereza analisema kwa maneno matano. Ukileta kipimo cha Kiingereza kama kilivyo, utajikuta unajaza maneno ambayo hata mwenye kipimo hakuyaandika. Linganisha na kurasa za lugha unayoandikia.

Dhana: Basi chukua wastani wa washindani kumi wa mwanzo

Hapa ndipo wengi huharibu, maana hesabu inaonekana ya kitaalamu. Tuchukue mfano wa kubuni: unataka kuandika jinsi ya kutoa doa la wino kwenye nguo. Fungua dirisha la faragha ili historia yako isiyapinde matokeo, kisha tafuta kwa maneno ambayo msomaji angeyaandika. Kati ya matokeo kumi, tuseme mawili ni video, moja ni duka la sabuni na moja ni jukwaa la maswali. Hayo weka kando, kwani si makala. Zimebaki kurasa sita.

Sasa hesabu maneno ya makala tu, bila menyu wala matangazo. Unaweza kunakili matini na kuyabandika kwenye programu ya kuandikia, au kuendesha mstari huu kwenye konsoli ya kivinjari:

```
document.querySelector("article").innerText.trim().split(/\s+/).length
```

Ukileta kosa la `null`, ukurasa hauna tegi ya `article`, jaribu kuweka `main` mahali pake.

Tuseme umepata 410, 480, 520, 560, 640 na 2,350. Wastani ni 827, na hakuna hata ukurasa mmoja ulio karibu na urefu huo. Huo wa 2,350 umeuvuta. Ukiufungua na kuukagua kwa macho unakuta maoni ya wasomaji yamehesabiwa humo. Makala yenyewe ni maneno 700. Wastani unashuka hadi 552. Lakini ungezipanga namba kwa ukubwa na kuchukua ya katikati, hapa nusu ya njia kati ya 520 na 560, ungepata 540 kabla ya kusahihisha na 540 baada ya kusahihisha. Ndiyo maana mimi hutumia ya katikati.

Dhana: Ukiipata namba, kazi imekwisha

Namba hiyo inakuambia tu ukubwa wa swali. Kinachoamua urefu ni vichwa vidogo. Viandike vya kurasa zote sita: karibu kila ukurasa unasema ujaribu kwanza sehemu iliyojificha, utumie spiriti, ugandamize kwa kitambaa badala ya kusugua, kisha ufue. Kurasa tatu zinatofautisha aina za wino. Hakuna inayomzungumzia aliyekwisha kupiga nguo pasi, ilhali joto hugandisha doa. Andika vile vya lazima, ongeza hilo lililokosekana, halafu ndipo uhesabu. Ikifika 610, iache. Ikifika 1,100, mara nyingi utakuta umeingiza historia ya wino au utangulizi wa aya tatu kabla ya kutaja kitambaa.

Dhana: Mshindani mfupi akiongoza, nawe fupisha

Si lazima. Ule wa maneno 410 huenda ni wa tovuti kubwa inayounganishwa na kurasa nyingi za wengine, na ingeongoza hata kwa 300. Tafuta maneno mengine mawili matatu ya mada tofauti kabisa. Ukiikuta tovuti ileile juu kila mahali, usiichukue kuwa kipimo chako. Pima na iliyo ya ukubwa wako iliyofanikiwa kuingia kwenye kumi bora.

Na ukurasa wa kwanza ukijaa video, hesabu hii yote haina kazi. Watu hao wanataka kuuona mkono unavyogandamiza kitambaa, na maneno 540 au 5,400 hayatawaonyesha.