"Karanga ziko juu tu, tutazitoa"

Jamani, hapana. Mama mmoja kaniambia tena wiki hii: keki ya sherehe ya watoto imenyunyiziwa karanga juu, mtoto mwenye aleji akatiwe kipande cha pembeni. Kisu ni kimoja. Kimepita kwenye karanga, kimeingia ndani ya keki, kimetokea kwenye hicho kipande cha pembeni. Chenga za karanga zimeshaganda kwenye krimu. Kwa baadhi ya watoto hizo zinatosha kuvimbisha midomo na kubana pumzi. Na kashata za karanga mkiziweka meza ya mbali, mtoto wa miaka 5 atazifuata hukohuko, kisha amshike mwenzake kwa vidole vilevile.

Ila kosa huanzia kwenye meseji. Watu wanaandika kwenye grupu: "Kuna mwenye aleji?" Wa kwanza anajibu "hamna", wengine wanafuata kama kwaya. Mwingine anajua kabisa mwanawe akila korosho anatapika, ila kwake hiyo siyo aleji, ni "tumbo lake halipendi". Kwa hiyo mimi naitaja dalili yenyewe, na namtumia kila mzazi inboksi:

"Habari mama/baba. Sherehe ni Jumamosi, saa 9:00 alasiri hadi 11:30 jioni. Kuna chakula ambacho mtoto akila anatokwa vipele, anavimba, anatapika au anabanwa na kifua? Nijibu hata kama hakipo. Ana dawa ya kuja nayo? Nani atamchukua saa 11:30? Naomba jina na namba yake."

"Nijibu hata kama hakipo" ndiyo sentensi ninayoipigania. Asiyejibu nampigia simu. Akitajwa hata mmoja wa karanga, sherehe nzima haina karanga, na bibi anayeleta kashata anaarifiwa mapema, kwa adabu. Kinachonisumbua bado ni mzazi wa huyo mtoto: abaki au aondoke? Nikimwomba abaki, mtoto anaona kawekewa mlinzi. Akiondoka, mimi ndiye nakaa roho juu. Kama mtoto ana sindano yake ya adrenalini, nataka mtu mzima anayejua kuichoma awepo, basi.

Ratiba haina miujiza. Michezo kwanza, chakula saa 10:00, keki 10:45. Kwenye kiti cha muziki ondoa kiti, usimtoe mtoto. Wabanane kwenye viti vilivyobaki, maana aliyetolewa mapema ndiye anayekwenda kupasua maputo. Vipande vya puto lililopasuka viokoteni hapohapo, vinakaba. Bisi na karanga nzima msiwape wadogo wa chini ya miaka 4, aleji iwepo isiwepo.

Saa ya kuondoka msiiache wazi. Mkiandika "kuanzia saa 9" tu, mtakaa na watoto wa watu hadi isha. Mfuko wa pipi unatolewa getini, mkononi mwa mtu ambaye jina lake liko kwenye orodha. Akija "anko" asiyeandikwa, mtoto anabaki ndani mpaka mama yake apokee simu, hata anko anune vipi.