Farasi wa d5: dhana potofu kuhusu kituo cha farasi, na ukweli wake ubaoni

Katika sataranji, kituo cha farasi ni mraba ulio upande wa mpinzani, kwa kawaida mstari wa tano au wa sita ukihesabu kutoka kwako, ambao mpinzani hana tena kitunda cha kuulinda. Kitunda ni kile kikete kidogo cha mbele. Kila upande unaanza na vinane. Maelezo haya ni mafupi, na labda ndiyo maana watu wameyajengea dhana nyingi. Hapa zinapimwa kwa mchezo mmoja hasa: Smyslov dhidi ya Rudakovsky, Moscow, 1945. Ni mchezo mzuri kwa sababu kazi yote ya kuandaa kituo inaonekana hatua kwa hatua.

Dhana: Farasi akifika katikati ya upande wa mpinzani, tayari yuko kituoni.

Ukweli: Tazama kwanza safu mbili za jirani, yaani zile za wima zenye herufi. Farasi mweupe akikaa e5, kitunda cheusi kinachoweza kumfukuza ni cha safu ya d au cha safu ya f, si kingine. Kama kitunda cha d kimeshafika d5, hicho kimepita, hakiwezi kurudi nyuma. Lakini kama cha f bado kiko f7, siku yoyote kitasogea f6 na farasi atahama. Huyo ni mgeni wa muda, hata akipendeza machoni. Anaweza bado kuwa na faida, maana kitunda kikisogea f6 mraba wa e6 hubaki dhaifu, ila usipange mchezo mzima ukidhani atakaa.

Kipimo cha haraka ni swali moja: je, kuna kitunda cha mpinzani, katika safu ya kushoto au ya kulia, ambacho bado hakijaupita mraba huu? Kama hakipo, una kituo. Kama kipo, una ahadi tu.

Dhana: Bila kitunda chako cha kumshikilia farasi, hakuna kituo.

Ukweli: Kitunda ni mlinzi bora kwa kuwa ni rahisi, hutumii kikete kikubwa kwa kazi ya ulinzi. Lakini si sharti. Katika mchezo wa 16 wa pambano la ubingwa wa dunia la 1985, Kasparov, akiwa na nyeusi, alipeleka farasi d3 kwenye hatua ya 16. Aliyemshikilia alikuwa askofu wa f5. Karpov hakuwa na kitunda katika safu ya c wala ya e, kwa hiyo hakuwa na cha kumfukuzia, na vikete vyake vilikosa pa kwenda. Kasparov alishinda. Kinachofanya kituo ni kukosekana kwa kitunda cha kufukuza. Nani anashikilia ni jambo la pili.

Dhana: Ukiona shimo, yaani mraba ambao mpinzani hana kitunda cha kuulinda, ruka mara moja.

Ukweli: Hili ndilo kosa linaloharibu vituo vingi kuliko yote. Fuata hatua hizi ukiwa na ubao mbele yako (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, O-O ni mfalme kujificha upande mfupi):

```
1.e4 c5 2.Nf3 e6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 d6
6.Be2 Be7 7.O-O O-O 8.Be3 Nc6 9.f4 Qc7 10.Qe1 Nxd4
11.Bxd4 e5 12.Be3 Be6 13.f5 Bc4 14.Bxc4 Qxc4
15.Bg5 Rfe8 16.Bxf6 Bxf6 17.Nd5
```

Shimo lilizaliwa hatua ya 11. Kitunda cheusi cha c kilikuwa kimeshabadilishwa tangu hatua ya 3, na sasa cha e kilipita kutoka e6 hadi e5. Kuanzia hapo d5 haina kitunda cha kuilinda. Farasi mweupe yuko c3, mruko mmoja tu kutoka d5. Lakini Smyslov alisubiri hadi hatua ya 17, na hatua hizo za katikati ndizo zenye somo.

Hesabu walinzi wa d5 baada ya hatua ya 12. Nyeusi alikuwa na farasi wa f6 na askofu wa e6, anayetembea miraba myeupe, na d5 ni mraba mweupe. Hawa wawili ndio wangeweza kumbadilisha farasi atakapotua. Hatua ya 13, kitunda kilisogea f5 na kumpiga askofu. Askofu alikwenda c4, wakabadilishana maaskofu, na mlinzi wa kwanza akatoka. Nyeusi alikuwa na njia ya kumrudisha d7 na baadaye c6, aendelee kuitazama d5. Kumbadilisha kulikuwa kufanya kazi ya mpinzani.

Sasa simama baada ya hatua ya 14. Wengi wangecheza farasi d5 papo hapo. Jaribu: farasi mweusi anamla, kitunda cha e4 kinalipiza d5, kisha malkia wa c4 anakila kitunda hicho bila malipo. Hata pale ambapo malkia hayupo kukila, kulipiza kwa kitunda mara nyingi ni hasara: mraba uliokuwa shimo umezibwa na kitunda chako mwenyewe, farasi hayupo tena, na udhaifu wa d6 umefichwa nyuma ya ukuta. Kabla hujatua, jiulize utalipiza kwa nini ukiliwa. Jibu likiwa ni kitunda peke yake, bado hujamaliza maandalizi.

Smyslov alicheza askofu g5, akamla farasi wa f6, na mlinzi wa pili akatoka. Alitoa askofu kwa farasi kwa hiari, jambo ambalo wanaopenda kuwa na maaskofu wawili hulikataa bila kufikiri. Lakini angalia kilichobaki. Nyeusi ana askofu mmoja tu, naye anatembea miraba myeusi. Hawezi kuigusa d5 milele. Tena vitunda vyake mwenyewe vya d6 na e5 viko juu ya miraba myeusi, vinamzibia njia. Farasi anaingia d5, na hakuna farasi wala askofu wa kumbadilisha.

Dhana: Nguvu yake ni kwamba anapiga miraba minane.

Ukweli: Ni kweli kwamba farasi wa katikati anafika miraba minane, wa pembeni minne au pungufu, na wa kona miwili tu. Lakini farasi wa d4 naye anafika minane. Tofauti iko katika miraba yenyewe. Kutoka d5 anapiga b6, c7, e7 na f6, yote ndani ya kambi ya Nyeusi. Katika nafasi yetu alitishia kumla askofu wa f6, na pia aliitazama c7, ambako angepiga ngome za a8 na e8 kwa pamoja siku malkia mweusi atakapoacha kuilinda. Ndiyo maana askofu alirudi d8, akabaki hapo kama bawabu wa c7.

Kuna kitu cha pili ambacho hakionekani kwa kuhesabu miraba. Farasi amekaa mbele ya kitunda cha d6 na kukizuia. Kitunda hicho kingesogea d5, Nyeusi angepumua: askofu angefunguliwa njia na kambi ingepata nafasi katikati. Kwa hiyo farasi mmoja anafanya kazi mbili: anashambulia mbele na anafunga lango. Ngome au malkia akiwekwa pale kuzuia, angefukuzwa na kikete cha thamani ndogo. Farasi haoni haya kukaa mbele ya kitunda, maana anaruka juu ya vikete na hapotezi kitu kwa kuzibiwa njia.

Hapo ndipo panapoeleweka kwa nini mtetezi mara nyingine hukubali kutoa ngome kwa ajili ya farasi wa namna hii. Kwa hesabu ya kawaida ngome ni pointi 5 na farasi 3, lakini hesabu hiyo haijui farasi amekaa wapi.

Dhana: Akishatua, asiondoke, yeye peke yake atashinda mchezo.

Ukweli: Farasi wa d5 hakumpa Smyslov ushindi kwa kukaa tu. Alichompa ni utulivu: katikati ilifungwa, Nyeusi hakuwa na pa kujibu, na vikete vingine vyeupe vikahamia kwa mfalme bila haraka.

```
17...Bd8 18.c3 b5 19.b3 Qc5+ 20.Kh1 Rc8 21.Rf3 Kh8
22.f6 gxf6 23.Qh4 Rg8 24.Nxf6 Rg7 25.Rg3 Bxf6
26.Qxf6 Rcg8 27.Rd1 d5 28.Rxg7 1-0
```

Hatua ya 18 ni ndogo na ina akili: kitunda cha c2, kilichotishwa na malkia mweusi, kinasogea c3 ambako kinalindwa, na d4 inafungwa. Kisha ngome inapanda f3, na hatua ya 22 kitunda kinajitoa f6. Nyeusi akikataa kula na kucheza g6, malkia anakwenda d2 kisha h6, akitishia mati g7. Ngome nyeusi ikijipanga g8 kulinda, malkia anajitoa h7, mfalme anamla, na ngome ya f3 inahamia h3: mati.

Baada ya kula f6, tazama farasi anavyofanya hatua ya 24. Anakiacha kituo alichotengenezewa kwa hatua nyingi na kula f6, akimsaidia malkia kuishambulia h7. Hakuna huruma ya kituo hapo. Mraba wa d5 ulikuwa mahali pa kusubiria, na wakati ulipofika aliondoka. Ona pia kwamba kitunda cha d6 kilipata kusogea hatua ya 27 tu, farasi alipokuwa hayupo tena, na wakati huo kilikuwa kimechelewa.

Dhana: Kituo ni kituo, popote kilipo.

Ukweli: Kituo cha ukingoni, kama a5, hukidhi kipimo cha vitunda lakini hutoa miraba minne tu, na mara nyingi mpinzani anakipuuza na kucheza upande mwingine. Kabla ya kutumia hatua nne au tano kumpeleka farasi mahali, itazame miraba atakayopiga akiwa pale na utafute kitu ndani yake: kitunda dhaifu, mraba wa kuingilia ngome, njia ya kwenda kwa mfalme. Ukikosa, mwache alipo. Na ukiwa wewe ndiye mtetezi, hesabu kabla ya kusogeza kitunda kama kile cha e5: nani atabaki kuilinda d5 baada ya farasi wako na askofu wako wa miraba hiyo kubadilishwa? Kama ni askofu wa rangi nyingine, usimbadilishe yule mzuri.