Ukurasa wa kikundi ukikosa msimamizi: anzieni kwenye simu ya zamani

Ukurasa wa Facebook hauna nywila yake wenyewe. Watu wengi wanaonijia hapa Chake Chake huomba "kufunguliwa ukurasa" wa kikundi chao, na kabla ya jambo lolote huwa nalazimika kuwaeleza kwamba ukurasa hufunguliwa kupitia akaunti binafsi ya mtu aliyepewa usimamizi, na hakuna mlango mwengine. Kama msimamizi alikuwa mmoja na akaunti yake imepotea, ukurasa wenyewe bado upo, wafuasi wapo na picha zipo, lakini hakuna mkono unaoweza kuugusa. Kwa hivyo kazi ni kuirejesha ile akaunti mikononi mwa mwenyewe, kisha yeye ndiye atakayewapa wenziwe haki za usimamizi.

Neno "imepotea" nalo linahitaji kuulizwa vizuri, kwani akaunti ambayo mwenyewe amesahau nywila yake ina njia tofauti na akaunti iliyoibiwa, iliyofungwa na Facebook, au ambayo mwenyewe ameomba ifutwe. Aliyeomba kufuta ana siku 30 za kuingia tena na kulitengua ombi lake, na zikipita hapana la kufanya. Aliyeibiwa aanzie `facebook.com/hacked`, na atazame katika barua pepe yake ujumbe uliotoka `security@facebookmail.com`, kwa sababu anwani inapobadilishwa Facebook hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani, na ndani yake huwamo kiungo cha kusema kwamba mabadiliko hayo si yako. Nitakayoyaeleza kwa urefu hapa ni yale ninayoyaona zaidi katika vikundi vyetu: kijana mmoja alifungua ukurasa kwa simu yake, akasafiri, laini ikafa, nywila ikasahaulika.

Kikundi nitakachokitolea mfano ni cha kina mama wa Wilaya ya Micheweni wanaosindika mwani kuwa sabuni na unga. Ukurasa wao ulifunguliwa na mtoto wa dada yake Katibu, naye sasa yuko Maskati kikazi. Laini aliyofungulia akaunti haikutumika kwa muda mrefu na ilikwisha kufungwa. Simu anayotumia huko ni mpya, na nywila haikumbuki. Kina mama walikuwa wamekwisha kushauriwa na mtu wafungue ukurasa mpya, na mwengine aliwaahidi kwamba kwa malipo angeweza "kuingia kwa ndani". Huyo wa pili niliwaomba wasimjibu tena. Hakuna fundi wa mtaani mwenye njia ya ndani ya Facebook, na anayedai kuwa nayo kwa kawaida anataka ada, au anataka mtumiwe namba ya uthibitisho ili akaunti iwe yake.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuirejesha laini. Ni wazo zuri, lakini usajili wa laini nchini kwetu hufanywa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo mwenye laini lazima afike mwenyewe dukani, na kijana aliyeko Maskati hawezi kukiweka kidole chake Wete. Zaidi ya hayo, laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni na baadaye huweza kuuziwa mtu mwengine. Ikishafika huko, namba za uthibitisho zitaingia katika simu ya mtu msiyemjua, na kila mkiomba namba upya mnamjulisha kwamba kuna akaunti inayotafutwa.

Nikamuuliza Katibu ile simu ya zamani iko wapi. Akampigia dada yake papo hapo, na jibu likaja: "Imo kabatini tangu aondoke, sijaigusa." Kutoguswa huko ndiko kulikoifanya kazi iwezekane. Simu ya zamani ambayo haijafutwa huwa na vitu viwili vyenye thamani: Facebook ambayo haijatolewa, yaani bado imeingia kwa jina la mwenyewe, na akaunti ya Gmail ambayo mara nyingi ilitengenezwa dukani siku simu iliponunuliwa, hata mwenyewe hajui kama anayo. Ndiyo maana naomba simu hiyo isirudishwe kwenye hali ya kiwandani, asitoke mtu kwenye akaunti yoyote "ili ajaribu kuingia upya", na Facebook isiondolewe hata ikilalamika kwamba ni ya zamani. Kuisasisha hakuharibu kitu, lakini kuiondoa hufuta kule kuingia ambako ndiko tunakokutegemea.

Tuliichaji simu, tukaiunganisha na intaneti ya nyumba ile ile ilipokuwa ikitumika, kwa kuwa Facebook hukiamini zaidi chombo na mahali inapopajua. Kijana mwenyewe alikuwa hewani kwa WhatsApp tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo huwa sharti langu hata pale ambapo familia nzima imeridhia. Akaunti ni yake, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Zanzibar pia, inahesabu kuingia katika mfumo bila ruhusa kuwa ni kosa.

Facebook ilifunguka bila kuuliza kitu, na kina mama wakadhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza, na hapa ndipo wengi hukwama. Kuona akaunti imefunguka hakutoshi, kwa sababu unapomwongeza mtu mwenye mamlaka kamili juu ya ukurasa, hatua ya mwisho ni kuombwa nywila ya akaunti. Bila ya nywila mtaweza kuandika chapisho na kujibu ujumbe, lakini hamtaweza kumpa mtu mwengine haki.

Kwa hiyo tukaiacha Facebook kama ilivyo tukaingia katika mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, na tukakuta anwani moja ya Gmail. Nikaitumia barua ya majaribio kutoka simu yangu, ikaingia. Kisha katika kivinjari cha simu hiyo hiyo tukafungua `facebook.com/login/identify`, tukaandika jina la akaunti, na Facebook ikaonyesha mahali inapoweza kutuma namba ya uthibitisho. Anwani huonyeshwa hapo ikiwa imefichwa kwa nyota, ikibaki herufi chache tu za mwanzo na za mwisho kabla ya `@gmail.com`. Herufi zile zililingana na za anwani tuliyoikuta katika simu. Kama zisingelingana, nisingeendelea kubonyeza, kwani kila ombi lisilofika popote hukaribisha kufungiwa kwa muda.

Tukaomba namba kwa barua pepe na tukasubiri. Subira hapa si adabu tu, bali ni utaratibu wa kazi: ukiomba namba ya pili kabla ya ya kwanza kufika, ile ya kwanza haifai tena, na mtandao ukiwa mzito utajikuta unaandika namba iliyokwisha kufa kila mara huku ukiamini kwamba mfumo umeharibika. Namba ilipoingia tuliiandika, kijana akachagua nywila mpya, na swali la kama atolewe kwenye vyombo vyengine lilipokuja tukachagua abaki.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Tulihamia kwenye ukurasa wenyewe, tukaingia `Settings`, kisha `Page setup`, kisha `Page access`, tukabonyeza `Add New` na kumtafuta Katibu kwa jina. Kabla ya kubonyeza `Give Access` kuna kitufe kidogo cha kuruhusu mamlaka kamili, nacho kisipowashwa, aliyeongezwa ataweza kuendesha ukurasa lakini hataweza kumwongeza wala kumwondoa mtu. Mwaliko ulimfikia Katibu katika Facebook yake, akaukubali hapo hapo. Mwaliko usiokubaliwa hufa baada ya siku 30, na nimewahi kuletewa kikundi kilichoamini kina wasimamizi watatu kumbe wawili kati yao hawakuwahi kuitikia. Mweka Hazina naye akaongezwa kwa njia hiyo hiyo. Kijana hatukumwondoa, wala sioni sababu ya kufanya haraka kumwondoa mtu ambaye akaunti yake ndiyo iliyowarejeshea ukurasa.

Simu ya zamani ikiwa imeuzwa au kuzama baharini, njia iliyobaki ni mwenye akaunti kuthibitisha utambulisho wake pale Facebook inapompa nafasi hiyo, kwa picha ya kitambulisho na wakati mwengine kwa video ya uso. ZanID au kitambulisho cha NIDA ni vitambulisho vya serikali, lakini vinasaidia pale tu jina au tarehe ya kuzaliwa iliyomo katika akaunti inapolingana na iliyoandikwa kwenye kadi. Kwetu vijana wengi hujiandika kwa majina ya utani na kuweka picha ya timu, na akaunti kama hiyo kadi haiwezi kuitetea.

Akiwa msimamizi amefariki, kuna tahadhari moja ambayo naomba isomwe kwa makini. Jamaa, kwa nia njema, hupeleka cheti cha kifo Facebook ili akaunti igeuzwe kuwa ya kumbukumbu. Facebook imeeleza wazi kwamba ombi kama hilo likikubaliwa, ukurasa ambao msimamizi wake pekee alikuwa marehemu huondolewa. Hata mtu ambaye marehemu alimteua kuisimamia akaunti yake ya kumbukumbu hapewi uwezo wa kuingia ndani yake. Kikundi na familia wazungumze kwanza, na ombi la kumbukumbu lisubiri mpaka ijulikane kama ukurasa umewahi kuunganishwa na akaunti ya biashara ya Meta, kampuni inayoimiliki Facebook, yenye mtu mwengine ndani yake. Akiwepo mtu huyo mwenye mamlaka kamili, anaweza kuingia `business.facebook.com` na kuwagawia wengine haki bila kuigusa akaunti ya marehemu.

Kufungua ukurasa mpya nimekuweka mwisho kwa sababu mbili ambazo ukurasa huo hauwezi kuzitatua. Wafuasi wa zamani hawahami, na kurasa mbili huunganishwa tu na mtu mwenye mamlaka kamili juu ya zote mbili, tena ziwe na majina yanayofanana na zinahusu kitu kimoja. Kikundi kikija kuupata ule wa zamani baadaye, kiamue mapema upi ubaki: wafuasi hujumlishwa, lakini machapisho na picha za ukurasa unaomezwa hufutika, kwa hiyo zipakueni kabla ya kubonyeza.