Nilivyofuta posti yangu ya dawa ya kikohozi

Mi ni mfamasia hapa Mbeya, kazi yangu ni dawa, lakini mwaka jana mwezi wa sita niliposti kitu kwenye grupu la Wasapu la mtaani ambacho sikutakiwa kuposti, na naeleza hapa kwa sababu naona watu wengi wanafanya hivyo hivyo kwa nia nzuri kabisa.

Ilikuwa ile baridi ya Uyole mnaijua wenyewe. Nikashikwa na mafua, siku ya tatu kikohozi kikaanza, siku ya tisa kilikuwa kimenichosha kiasi kwamba nikikohoa mbavu zinauma, silali. Nikapita Mwanjelwa nikanunua chupa ya robo lita ya dawa ya kienyeji, muuzaji akasema ndani kuna asali, tangawizi na limau, na kwenye karatasi imeandikwa kwa makapeni "inatibu kifua, pumu na kifua kikuu". Nikanywa kijiko kimoja cha chai asubuhi na kimoja usiku. Siku ya 12 nikalala usiku mzima, asubuhi bila kufikiria nikaposti: "Jamani hii dawa kiboko, imeniponya ndani ya siku tatu."

Nusu saa haijaisha dada mmoja akaniandikia, ndaga fijo dada, naweza kumpa mwanangu wa miezi minane?

Hapo nilishtuka. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, maana asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu ila utumbo wa mtoto mchanga bado, zinaota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, mtoto anapata choo kigumu, ananyonya kwa shida, analia kwa sauti ndogo, shingo inalegea, mwisho hata kupumua kunakuwa shida. Na kuchemsha jikoni hakuui mbegu hizo. Nikampigia simu palepale, bahati nzuri alikuwa hajampa.

Jioni nikakaa na kuisoma posti yangu kama vile kaandika mtu mwingine. "Imeniponya" nimeijuaje? Kikohozi cha mafua kwa mtu mzima mara nyingi kinakaa wiki mbili mpaka tatu ndo kinaondoka chenyewe, na watu hatununui dawa siku ya pili, tunanunua kikishatushinda, yaani pale kilipofika juu kabisa na kinachofuata ni kushuka tu, sa chochote utakachokunywa siku hiyo kitaonekana ndo kimeshusha. Halafu kuna jambo nililisahau kabisa: siku ileile niliyonunua chupa, ndo nililitoa jiko la mkaa chumbani (na hata bila kikohozi msilale nalo ndani, hewa yake inaua). Je ni dawa, ni moshi kupungua, au ni siku tu zilikuwa zimefika? Siwezi kuvitenganisha kwa mtu mmoja na chupa moja.

Na lile neno kifua kikuu kwenye karatasi ndo lilinikosesha raha zaidi. Mwenye kifua kikuu naye anaweza kupata nafuu siku mbili tatu koo likilainika, akaongeza chupa ya pili, ya tatu, huku anaambukiza wa nyumbani. Mi mwenyewe kikohozi kilikuwa hakijaisha, kikawa kinakaribia wiki mbili, siku ya 15 nikapeleka makohozi kupimwa, kipimo ambacho kwenye vituo vya serikali ni bure, majibu hayakuonyesha kifua kikuu. Siku ya 17 kikakata.

Nilifuta ile posti nikaandika hii:

"Nilikuwa na kikohozi cha mafua, mi ni mtu mzima, sina pumu wala presha na sikuwa natumia dawa nyingine. Siku ya 9 nilianza dawa ya asali, tangawizi na limau, kijiko cha chai mara mbili kwa siku. Koo lililainika na usiku nililala, ila kikohozi kiliisha siku ya 17, na siku ya 9 hiyohiyo nilitoa jiko la mkaa chumbani, kwa hiyo sijui kilichosaidia ni kipi. Viambato nimeambiwa na muuzaji tu, chupa haina tarehe ya kuisha wala namba ya usajili wa Baraza la Tiba Asili. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe, ina asali. Mwenye sukari aulize kwanza. Ukikohoa wiki mbili, ukitoa damu, ukikonda au ukitokwa jasho usiku, nenda kapime."

Ni ndefu, najua, na haikupata makofi kama ya kwanza. Ila wiki iliyofuata baba mmoja wa Iyunga alinifuata dirishani kazini, akaniambia mi nina wiki ya tano nakohoa, chupa ya pili hii, nikapime wapi? Nikatoka nikamsindikiza maabara.