Oda zimejaa, hela ziko wapi?

Mwanzoni mwa mwezi wa nne alikuja kwenye dawati letu la ushauri wa biashara, hapa Mwanza, mama mmoja wa Kirumba anayeuza dagaa mtandaoni. Anawachukua soko la Mwaloni, anawachambua na kuwatoa mchanga, anawafunga paketi za kilo moja na kuwatuma Dar es Salaam, Dodoma na Arusha kwa mabasi ya stendi ya Nyegezi. "Mwalimu, mwezi wa tatu nimefunga mizigo mpaka usiku wa manane," aliniambia, "lakini yule baba anayenipa dagaa ananidai, na akipiga simu sipokei."

Alikuja na simu yenye takwimu za tovuti yake na za matangazo ya Instagram, na daftari la kaunta ambamo kila oda iliyolipwa imeandikwa kwa mkono. Kwa ruhusa yake natumia hesabu zake. Nimezisawazisha kidogo ziwe namba kamili, lakini kisa ni kilekile, na nimekiona kwa wauzaji wengi wa mtandaoni wanaokua haraka.

Tuanze na mwezi wa pili, kabla mambo hayajabadilika. Tovuti ilitembelewa na wageni 2,000, na oda zilizolipwa zilikuwa 40. Ukigawa 40 kwa 2,000 unapata asilimia 2. Hiyo ndiyo asilimia ya wageni wanaonunua. Oda inayohesabika hapa ni ile ambayo pesa imeingia kwenye lipa namba. Mteja aliyeandika "naomba unitunzie paketi mbili" akapotea haingii. Lakini aliyeiona bei kwenye tovuti, akamalizia kwa WhatsApp na kulipa, anaingia, na hao ni wengi mno hapa kwetu. Ukiiamini tovuti peke yake utaona asilimia ndogo kuliko ilivyo.

Mauzo ya mwezi huo yalikuwa shilingi 1,440,000. Gawa kwa oda 40, unapata 36,000, ambao ndio wastani wa thamani ya oda. Paketi moja anaiuza 12,000, kwa hiyo mteja wake wa kawaida alikuwa anachukua paketi tatu. Sababu tutaiona mbele kidogo.

Hesabu ya tatu, gharama ya kumpata mteja mpya, ndiyo iliyomchanganya zaidi. Yeye alikuwa anaamini mteja mmoja anamgharimu shilingi 500. Nilipomuuliza ameitoa wapi, alinionyesha kwenye skrini ya matangazo: alilipia 200,000, akapata matokeo 400, kila tokeo 500. Tulipofungua maelezo, "tokeo" pale lilikuwa na maana ya mtu aliyeanzisha mazungumzo kwenye WhatsApp. Mtu aliyeandika "bei gani?" na asirudi tena naye amehesabiwa. Mtandao hukuhesabia kile ulichochagua wakati unaweka tangazo, kiwe ni kubofya, kuandika ujumbe au kutazama video.

Nikamwambia tugawe kwa walionunua. Akagawa 200,000 kwa oda 40, akapata 5,000. Bado si sahihi. Tulipopitisha kidole kwenye daftari, namba ya simu kwa namba ya simu, oda 15 zilikuwa za watu waliowahi kununua zamani. Wapya walikuwa 25 tu. Halafu kuna kijana anayempigia video na kuzihariri, anamlipa 100,000 kwa mwezi, naye hakuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo:

```
(200,000 + 100,000) / 25 = 12,000
```

Kutoka 500 hadi 12,000, mwezi uleule, duka lilelile. Ndiyo maana huwa siulizi "mteja anakugharimu kiasi gani?" bila kuuliza pia "umegawanya nini kwa nini?"

Sasa hiyo 12,000 ni kubwa au ndogo? Wengi huilinganisha na mauzo: oda ni 36,000, kumpata mteja ni 12,000, basi nimebakiwa na 24,000. Lakini dagaa hawakuokotwa ufukweni. Paketi moja inamgharimu 7,500 ya dagaa, pamoja na wanaopotea kwenye kuchambua, na 500 ya mfuko na lebo. Inabaki 4,000 kwa paketi. Paketi tatu ni 12,000. Toa bodaboda ya kupeleka mzigo stendi, ambayo akiigawa kwa mizigo ya siku ni kama 2,000 kwa mzigo. Nauli ya basi analipa mteja. Oda moja inamwachia 10,000, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na 12,000. Oda 40 zilimwachia 400,000, akatoa 300,000 za matangazo na kijana, akabaki na 100,000. Ni kidogo, lakini ipo.

Mwezi wa tatu akatangaza usafiri wa bure nchi nzima, na matangazo akayapandisha hadi 400,000. Wageni wakawa 2,500, oda 75. Asilimia ya wanaonunua ikapanda kutoka 2 hadi 3. Mauzo yakafika 1,800,000. Wateja wapya walikuwa 50, na ukigawa 500,000 kwa 50 gharama ya kumpata mmoja imeshuka hadi 10,000. Ukimwonyesha mtu yeyote hizi namba atakupa hongera.

Kilichoharibika ni kimoja tu: wastani wa oda, ulioshuka kutoka 36,000 hadi 24,000. Watu waliacha kuchukua paketi tatu, wakachukua mbili. Zamani nauli ya basi ilikuwa 5,000 hata kwa mzigo mdogo, kwa hiyo mteja alijiambia bora nichukue tatu nauli inilipe. Usafiri ulipokuwa bure, sababu ya kurundika ikaisha. Na ile nauli haikufutika, ilihamia kwake.

Fanya hesabu ya oda moja ya mwezi wa tatu. Paketi mbili zinaacha 8,000. Toa bodaboda 2,000, toa nauli 5,000. Inabaki 1,000. Alikuwa analipa 10,000 kumpata mtu atakayemwachia 1,000. Oda 75 zikamwachia 75,000, matangazo na kijana vikala 500,000, akaingia hasara ya 425,000. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia kikokotoo.

Hakuiona mapema kwa sababu pesa ilikuwa inaingia kila siku. Dagaa alichukua kwa mali kauli, matangazo alilipa kwa pesa ya mauzo ya jana, na simu ililia "umepokea" mchana kutwa. Hasara ya namna hii hujionyesha kwa muuzaji wa jumla kwanza, siku anapotaka chake. Ukiona oda zinaongezeka huku deni la mzigo nalo linaongezeka, kaa chini na kalamu siku hiyohiyo.

Hatukuufuta usafiri wa bure. Tuliuwekea kizingiti: bure kuanzia paketi nne, yaani 48,000, juu kidogo ya pale wateja wake walipokuwa wamezoea. Kizingiti kikiwa 100,000 hakuna anayekifikia, kikiwa 24,000 umerudi kulekule. Kwa paketi nne anabakiwa na 16,000, anatoa 2,000 na 5,000, inabaki 9,000. Anayechukua tatu na kujilipia nauli anaacha 10,000 kama zamani. Kingine tulichobadilisha ni mahali pa kuiandika nauli: sasa iko chini ya bei ya paketi, mwanzoni kabisa, maana mteja akiikuta kwenye hatua ya mwisho ya kulipa ndipo anapofunga ukurasa.

Mwezi wa tano ulikuja hivi: wageni 2,500, oda 60, nusu za paketi nne na nusu za tatu, wastani 42,000. Zilimwachia 570,000. Matangazo na kijana 400,000, akabaki na 170,000. Asilimia ya wanaonunua ilikuwa 2.4, chini ya ile 3 iliyomletea hasara.

Hapa nimtahadharishe msomaji. Asishangilie hiyo 2.4 kwamba ni bora kuliko 2 ya mwezi wa pili. Kwa wageni 2,500, duka lenye asilimia 2 litategemea oda 50, lakini kwa bahati tu mwezi mmoja unaweza kuleta 36 na mwingine 64 bila wewe kugusa kitu. Oda 60 zimo humo. Zile 75 za mwezi wa tatu zilikuwa nje, ndiyo maana nasema usafiri wa bure kweli uliwavuta watu. Duka dogo likibadilisha bei kila wiki kwa kufuata asilimia ya wiki hiyo, linakimbiza upepo.

Kuna jambo la biashara yake ambalo kwa muuza nguo halipo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta vizuri kukiwa giza. Mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika na bei ya Mwaloni hupanda. Kwake dagaa wa paketi moja hufika 9,000, na oda ya paketi nne yenye usafiri wa bure inaacha 3,000 badala ya 9,000. Tangazo lililokuwa karibu kujilipa siku za giza linakuwa la hasara siku za mbalamwezi, hata kama limeleta wateja walewale kwa gharama ileile. Kwa hiyo sasa ananunua akiba siku za giza, anawahifadhi wakiwa wakavu kabisa, na akiba ikimwishia anazima matangazo mpaka mwezi ufifie.

Utauliza: mwezi wa tano wateja wapya walikuwa 40, kila mmoja kwa 10,000, na oda ya kwanza kwa wastani inaacha 9,500. Si bado anapoteza 500? Ndiyo, kwa oda ya kwanza. Faida yake iko kwa wanaorudi, kwa sababu kwa hao halipii tangazo tena. Wakirudi wanne kati ya kumi, mara moja tu ndani ya miezi mitatu, kila mteja mpya ameacha karibu 13,300. Lakini hiyo 3,800 ya nyongeza inakuja baada ya miezi mitatu, na baba wa Mwaloni anataka chake ndani ya wiki mbili. Asiyekuwa na akiba ya kusubiri asitumie kumpata mteja zaidi ya kile kinachobaki kwenye oda ya kwanza.

Kama kweli wanarudi wanne kati ya kumi au la, sisi hatukukisia. Kwenye daftari lake tuliongeza safu mbili mbele ya namba ya simu, tarehe ya oda ya kwanza na tarehe ya pili. Wale 50 wa mwezi wa tatu, waliokuja kwa ajili ya usafiri wa bure, tuliwawekea alama kwa kalamu nyekundu. Mpaka mwisho wa mwezi wa sita walikuwa wamerudi 6.