Kuoza meno kwa chupa: mdudu hayumo

Wiki iliyopita bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa mwaka na nusu. Akamkalisha mapajani, akamfunua mdomo na kuniambia, "Daktari, chupa yake ilikuwa na mdudu, ndiye kamla meno." Kabla sijajibu, mama wa mtoto akajitetea: "Bibi, chupa naichemsha kila siku!" Kauli hizo mbili nimezisikia mara nyingi mno kwenye kiti changu cha meno, na safari hii nimeona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Kuoza meno kwa chupa ni kuoza kwa meno ya utotoni kwa sababu mtoto analala akinyonya maziwa au kinywaji kitamu. Jina pana zaidi wanalotumia wataalamu ni kuoza meno mapema utotoni. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 6 akiwa na hata jino moja lililooza, lililozibwa au lililong'olewa kwa kuoza, anahesabiwa kuwa na ugonjwa huo.

Jina la chupa lina historia. Mwaka 1962 daktari wa meno Elias Fass, kule Marekani, aliandika kuhusu watoto waliooza meno kwa namna moja, wote wakiwa wamelazwa na chupa, akauita ugonjwa huo mdomo wa chupa. Jina likashika. Mwaka 1994 wataalamu waliokutanishwa na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, walipendekeza liachwe, kwa kuwa lilikuwa linaelekeza lawama zote kwenye chombo. Naona walikuwa na haki. Mtu akisikia "ugonjwa wa chupa" anawaza chupa chafu, na dawa ya chupa chafu ni sufuria na moto.

Sisi tuna jambo la ziada, nalo ni neno "mdudu". Imani ya mdudu anayekaa ndani ya jino ni ya kale, ipo hadi kwenye maandishi ya Babeli. Halafu wahudumu wa afya tukaja na neno "vijidudu" tukimaanisha bakteria, na msikilizaji akakipokea kijidudu chetu kama mtoto wa yule mdudu wake wa zamani. Tofauti yake si ndogo. Mdudu anatoka nje, anaingia, anatafuna, kwa hiyo anazuiwa mlangoni kwa kuchemsha chupa. Bakteria wanaoozesha meno hawaingii na chupa. Wanaishi kinywani kwa mtoto, mara nyingi waliambukizwa kwa mate ya mama au mlezi, na hawatafuni chochote. Wanakula sukari na kutoa tindikali, na tindikali ndiyo inayoyeyusha ngozi ngumu ya jino, yaani enameli. Bila sukari hawana cha kufanyia kazi. Chupa iliyochemshwa vizuri kisha ikatiwa maziwa yenye vijiko viwili vya sukari bado inawapelekea chakula chao.

Sasa usiku unaingiaje? Mchana mate yanafanya kazi kubwa. Mtoto akinywa kitu kitamu, tindikali inapanda ndani ya dakika chache, kisha mate yanaisafisha na kurudisha madini kwenye jino, kazi inayoweza kuchukua nusu saa au zaidi. Akilala, mate yanapungua sana na anameza mara chache. Chuchu ya chupa inabaki mdomoni, maziwa yanadondoka taratibu na kutuama kuzunguka meno ya mbele ya juu. Anaamka saa sita, ananyonya kidogo, analala. Saa tisa tena. Kila mara tindikali inaanza upya kabla jino halijapumzika. Na enameli ya jino la utotoni ni nyembamba, karibu nusu ya ile ya jino la ukubwani.

Nilimwonyesha bibi yule jambo moja kwa kioo kidogo. Meno manne ya mbele ya juu yalikuwa ya kahawia, mawili yamebaki visiki. Meno ya chini, yanayotazamana nayo, yalikuwa meupe kabisa. Nikamuuliza, kama mdudu alitoka kwenye chupa, kwa nini amewaruka hawa wa chini, walio jirani wa chuchu ileile? Alinyamaza akitazama. Sababu ni kwamba mtoto anaponyonya ulimi unatangulia mbele na kuyafunika meno ya chini, na tezi kubwa za mate zinafungukia chini ya ulimi, nyuma ya meno hayohayo. Ya juu hayana ngao hiyo. Juu yameharibika, chini mazima: ukiiona sura hiyo kwa mtoto mdogo, uliza mara moja anavyolazwa.

Mama alisema usiku anampa maziwa ya ng'ombe yenye sukari, na siku mtoto akisumbua, maji ya glukosi. Hapo kuna jambo jingine linalochanganywa. Maziwa matupu nayo yana sukari yake ya asili, ila ni dhaifu kwa kuozesha. Yanakuwa hatari yakituama mdomoni usiku kucha. Sukari ya kuongeza, asali, juisi, soda na chai tamu ni hatari zaidi, na asali haifai kabisa kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. Wala haya si maneno ya kumwachisha mtoto ziwa la mama. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye hadi miaka 2 au zaidi. Meno yakishaota, yasafishwe tu.

Bibi akauliza, "Si ya maziwa, yatang'oka?" Jina "meno ya maziwa" nalo linatupotosha. Ya mbele ya juu yanang'oka mtoto akiwa na miaka 7 hivi, na magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10 au 12. Huyu wa miezi 18 ana zaidi ya miaka mitano ya kula na maumivu na majipu ya ufizi, na usaha ukifika chini unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojengeka hapo.

Kwake tumeng'oa visiki viwili na mengine tunayatibu. Lakini kama mama angeinua mdomo wa juu wa mtoto mapema, kwenye mwanga wa dirisha, angeona mstari mweupe kama chaki kando ya ufizi. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kurudisha madini kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele, asubuhi na usiku. Baada ya mswaki wa usiku, kitakachoingia kinywani kiwe maji. Mtoto asiyekubali maji kwa ghafla apunguziwe taratibu: kwanza sukari iondolewe, kisha maziwa yachanganywe na maji zaidi kila siku chache. Akifika mwaka mmoja aanze kuzoea kikombe.

Kwa hiyo mama akikwambia chupa anaichemsha, usimsukume aichemshe zaidi, amekwisha kufanya sehemu hiyo. Muulize kwa upole chupa ile inakuwa na nini ndani yake saa nne usiku, na inatoka mdomoni saa ngapi.